Picha kumi na nne, hati ngapi?

Familia nyingi za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, zina mfuko au kasha la makaratasi ya mababu yaliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Siku hizi kijana wa nyumba huyapiga picha kwa simu, akazipakia zote kwa mkupuo mmoja na kumtumia mtu anayeweza kuyasoma, ili ayanukuu kwa herufi za Kilatini. Kwa aliyetuma, huo ni mzigo mmoja. Anayeupokea hukuta ndani yake barua, stakabadhi, utenzi na vipande visivyo na kichwa wala miguu, na kila kimoja kinadai unukuzi wake.

Akikosa kuvitenganisha, hasara haionekani mara moja. Barua isiyo na tarehe ikibandikwa nyuma ya barua ya mwaka 1309 wa Hijria, ulioanza Agosti 1891, nayo itachukuliwa kuwa ya mwaka huo. Deni la mtu mmoja litaangukia jina la mwingine. Unukuzi utakuwa sahihi neno kwa neno, lakini habari itakuwa ya uongo.

Tuchukue mzigo wa mfano wenye picha 14. Kabla ya kusoma neno, mnukuzi anayeijua kazi hutazama majina ya mafaili. Programu nyingine hupanga majina kwa kufuata herufi, hivyo `10.jpg` hutangulia `2.jpg`, na ukurasa wa kumi ukajikuta wa kwanza au wa pili. Picha zilizopitia WhatsApp hubatizwa upya kwa majina kama `IMG-20240312-WA0007.jpg`. Tarehe hiyo ni ya kutumwa na saa ya kupigwa picha haimo tena. Dawa ni kuzipa zote namba zenye tarakimu nne, `0001` hadi `0014`, kwa mpangilio zilivyofika, na kuuhifadhi mzigo wa asili pembeni bila kuugusa. Namba hiyo ni ya picha tu. Hati itapewa namba yake baadaye, na kuchanganya namba hizi mbili ndiko kunakozaa nusu ya vurugu zote.

Kisha anazipitia picha zote kwa haraka, bado bila kunukuu, akitafuta mianzo na miisho. Barua za Waswahili zilikuwa na adabu zake, na adabu hizo ni msaada mkubwa. Juu kuna jina la Mungu na msururu wa heshima za Kiarabu kwa anayeandikiwa, halafu salamu, halafu neno kama "wabaadu" linalofungua habari yenyewe. Mwishoni huja "wasalaam", jina la mwandishi na, mara nyingi, tarehe. Picha 0001 ina vyote hivyo, kwa hiyo inaonekana kamili.

Lakini 0002 ina mstari mmoja tu: jina la mtu na mji wake. Mgeni wa kazi hii angeihesabu kuwa hati mpya. Anayejua atatazama mikunjo. Barua nyingi zilikunjwa zikawa kipande chembamba, na jina la mpelekewa likaandikwa nje, mgongoni mwa karatasi ileile. Mikunjo ya 0002 ikikaa sawasawa na ya 0001, na tundu la mchwa likatokea mahali palepale kwa upande uliogeuzwa, hizo ni pande mbili za karatasi moja. Zote mbili zinakuwa hati 01.

Picha 0003 na 0004 ni kurasa mbili za barua moja, maana sentensi inakatika chini ya ya kwanza na kuendelea juu ya ya pili: hati 02. Kwenye 0005 mambo yanageuka. Mpiga picha ameweka stakabadhi mbili mezani na kuzipiga pamoja, kwa hiyo picha moja ina hati mbili, 03 kulia na 04 kushoto. Picha 0006 imetikisika na 0007 ni karatasi hiyohiyo iliyopigwa tena: hati 05 moja, inayonukuliwa kutoka 0007, lakini 0006 haifutwi, kwani huenda pembe iliyokatwa kwenye ya pili inasomeka kwenye ya kwanza. Picha 0008 ni mgongo mtupu wa hati 05. Nayo inaandikwa: "tupu".

Utenzi, picha 0009 hadi 0012, una mtego wake. Daftari la herufi za Kiarabu hufunguliwa kutoka kulia, na aliyezoea vitabu vya Kilatini huanza kulipiga picha kutoka mwisho. Ushahidi uko kwenye karatasi yenyewe. Waandishi wengi waliweka chini ya mstari wa mwisho, upande wa kushoto, neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Neno lililo chini ya 0012 ndilo linaloanza 0011, na lililo chini ya 0011 linaanza 0010. Utaratibu ni kinyumenyume, na hati 06 itasomwa hivyo bila kubadili namba za picha.

Picha 0013 inafika "wasalaam" katikati ya ukurasa, kisha maandishi yanageuka na kupanda pambizoni. Si barua nyingine. Mwandishi amekumbuka jambo baada ya kuaga, karatasi nayo imemwishia, akaizungusha na kuendelea. Hiyo ni hati 07, pamoja na pambizo lake.

Imebaki 0014, nusu ya chini ya karatasi iliyochanika. Mwandiko wake unafanana kabisa na wa hati 02, na kishawishi cha kuziunganisha ni kikubwa. Mwandiko peke yake ni shahidi dhaifu, maana katika miji ya pwani mtu mmoja mwenye mkono mzuri aliwaandikia wengi. Tena hati 02 ina mwanzo na mwisho wake, haikosi chochote. Kipande hiki kinapewa namba yake, 08.

Kila hati sasa inapata faili lake la maandishi, na juu ya kila faili maelezo mafupi:

```
Hati: 04
Picha: 0005 (kushoto)
Mwanzo: upo
Mwisho: upo
Tarehe: haipo
```

Mstari wa tarehe ndio unaohitaji ukali zaidi. Kama karatasi haina tarehe, huandikwa "haipo", hata kama jirani yake anayo. Inayokisiwa huwekwa kwenye maelezo ya mnukuzi, nje ya unukuzi. Ndani ya maandishi, kila ukurasa unapoanza huwekwa alama kama `[0004]`, ili msomaji mwenye shaka afungue picha hasa inayohusika.

Wasomi walikuwa na kazi hii kabla ya simu. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu pamoja na unukuzi wake, na mwaka 1970 ikatoka orodha ya J. W. T. Allen ya miswada iliyo katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba wao waliweza kushika karatasi yenyewe, wakapima unene wake na kuigeuza. Mwenye picha hana uwezo huo, ndiyo maana ombi la kwanza kwa familia huwa ni dogo: piga mbele, kisha nyuma, na kabla ya karatasi inayofuata piga kipande chenye namba kubwa.

Mwisho kuna hesabu ya kukagua. Orodha ya mzigo huu lazima iwe na mistari 15, kwa sababu picha ni 14 na 0005 inaandikwa mara mbili. Ikitoka mistari 14, huenda stakabadhi moja imemezwa na mwenzake. Ikitoka 13, kuna picha nyingine pia iliyorukwa, na ya kutafutwa kwanza ni ile tupu.