Fundi Amefariki, na Kitambaa Changu Je?

Msiba ukitokea ghafla, mlangoni hubandikwa karatasi ya maneno manne: "Duka limefungwa kwa msiba." Kwa muuza mchele hayo yanatosha, maana mteja atavuka barabara. Kwa fundi cherehani hayatoshi. Ndani mna vitambaa vya watu, na wengine wameshatoa advansi.

Tuseme fundi huyo alikuwa Temeke, na bintiye ndiye anayeandika kwa wateja:

"Ndugu wateja, tunasikitika kuwataarifu kuwa baba yetu, fundi wenu, amefariki ghafla Jumanne usiku. Mazishi ni Alhamisi saa kumi alasiri. Duka limefungwa. Vitambaa na nguo zenu zipo salama. Kuanzia Jumatatu, saa nne hadi saa nane mchana, mimi binti yake nitakuwepo dukani kuwarudishia. Njooni na risiti, au mtueleze kitambaa kilivyo. Tafadhali msitume fedha kwenye namba ya marehemu, wala kwa yeyote atakayewapigia akidai ni wa familia. Advansi zenu tunaziandika; tutawajulisha zaidi msimamizi wa mirathi akishateuliwa."

Hakutaja marehemu aliugua nini, na hakuna mteja anayestahili kuambiwa. Hakutaja pia siku ya kufungua tena. Siku za matanga ni rahisi mno kuahidi "wiki ijayo", kumbe hakuna hata aliyekubali kukalia cherehani.

Vitambaa na fedha amevitenganisha, na hapo ndipo familia nyingi hukosea. Kitambaa cha mteja si mali ya marehemu, kwa hiyo hakiingii kwenye mirathi, na mwenyewe akitambulika apewe chake. Advansi ni jambo jingine. Kama kazi haikufanyika, hilo ni deni la marehemu, nalo hulipwa kutoka kwenye mali yake kabla warithi hawajagawana. Anayelipa ni msimamizi aliyethibitishwa na mahakama. Kikao cha ukoo humpendekeza tu, hata kama shangazi wanaona yamekwisha. Ndiyo maana binti ameandika "tunaziandika" badala ya "tutawarudishia kesho".

Onyo la namba ya simu nalo si la kupamba. Habari ya kifo husambaa kwenye WhatsApp, na matapeli wanaisoma kama sisi. Hata bila tapeli, fedha iliyoingia kwenye laini ya marehemu hukwama humo hadi msimamizi apeleke nyaraka kwa kampuni ya simu. Kumtuma kijana anayejua namba ya siri akaitoe ni kuchokoza ugomvi wa mirathi.

Wapo wasioweza kungoja Jumatatu: mwenye harusi Jumamosi, au wazazi wa mwanafunzi anayeripoti shule. Hao wapigiwe simu mmoja mmoja, siku hiyohiyo. Kwenye daftari la fundi vipimo vyao vimo, kifua, kiuno, urefu wa mkono. Ukurasa huo upigwe picha, wapewe pamoja na kitambaa, ili fundi mwingine aanze kukata jioni ileile.