Moto Uliofichika Chini ya Lori

Tunawaandikia hasa wale wanaoendesha malori. Tangu Machi 2021, lori zito lisilofikia kiwango cha Yuro 6 hutozwa ada kila siku liendeshwapo London. Kwa hivyo mengi sasa yana chujio la masizi katika bomba la moshi. Masizi yakijaa, mtambo huyateketeza kwa joto la nyuzi 600 hivi. Ndipo taa ya joto la moshi huwaka, hasa lori lipunguzapo mwendo.

Tuchukue mfano. Dereva atoka barabara kuu, taa hiyo yawaka, naye ataka kuegesha katika uwanja wa nyasi kavu. Abonyeza swichi ya kuzuia uchomaji, kisha adhani hatari imekwisha. La! Swichi husimamisha uchomaji, chuma haikipozi. Nyasi zikigusa bomba zaweza kushika moto. Basi na angoje juu ya lami mpaka taa ya joto izimike, ndipo aingie, swichi ikiwa bado imewashwa, ili uchomaji usianze tena pale nyasini.

Tarehe 19 Julai 2022, moto uliteketeza nyumba kadhaa huko Wennington, mashariki ya London. Haukuanzishwa na lori, bali ulionyesha jinsi nyasi kavu zinavyoueneza moto.

Akirudi barabarani, dereva asisahau kuizima swichi. Akiiacha, masizi yatazidi, injini itapungua nguvu, na lori litaishia gereji.