Nesi wa Kitale ama Bungoma Unataka Kutoka Majuu? Hii Ndiyo Risto Yote, Kutoka Makaratasi Hadi Upweke

Kama umemaliza KMTC Kitale ama KMTC Bungoma na uko na leseni ya NCK, lazima kuna msee ameshakuuliza, "Na wewe UK unaenda lini?" Tangu Kenya na Uingereza watie saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, hiyo swali haiishi mtaani. Shida ni kwamba wengi wanaanza na pasipoti na ndoto, halafu wanakwama mahali hawakutarajia. Wacha tupitie mahali kwenyewe watu hukwama.

Majina yako ndiyo mlango wa kwanza

Uingereza, anayekuruhusu kufanya kazi kama nesi ni baraza lao, NMC. NMC haiamini cheti umebeba kwa bahasha. Inataka NCK yenyewe iwathibitishie kwamba ulisoma, ulipita na hauna kesi. Sasa hapa ndipo watu wetu huumia. Uliitwa Nekesa nyumbani, cheti cha KCSE kikaandikwa jina la babako mwisho, diploma ikaangusha jina moja, halafu pasipoti ikapanga vingine. Kwako hiyo ni kitu ndogo. Kwa mtu anakagua faili yako Uingereza, hao ni watu wawili.

Kabla ulipe chochote, weka hizi kwa meza moja: kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, KCSE, diploma, leseni ya NCK na pasipoti. Soma majina herufi kwa herufi. Kama haziingiani, tengeneza kwanza, ama kwa ofisi iliyokosea ama kwa hati ya kisheria ya kubadilisha jina. Cheti cha tabia njema pia utahitaji. Unaanzia eCitizen, halafu alama za vidole unaweza pigia Huduma Centre hapo Kitale ama Bungoma.

Kiingereza kinaangusha watu kuliko dawa

Umesomeshwa kwa Kiingereza tangu darasani hadi wodini, lakini NMC haihesabu Kenya kama nchi ambayo wengi huongea Kiingereza. Utafanya IELTS ama OET. Mwaka wa 2021, Mutahi Kagwe akiwa Waziri wa Afya alisema kati ya manesi karibu 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 pekee ndio walipita. Wasee walicheka mtandaoni, lakini ukiangalia alama zinazotakiwa utaelewa.

Kwa IELTS unahitaji 7 kusikiliza, 7 kusoma, 7 kuongea na 6.5 kuandika. Tuseme nesi wa Bungoma amepata 7.5 kusikiliza, 7 kusoma, 7 kuongea, halafu kuandika akapata 6. Ameanguka kwa nusu alama. Lakini hajapoteza kila kitu, kwa sababu NMC inakubali kuunganisha mitihani miwili iliyofanywa ndani ya miezi 12. Masharti ni kwamba kwa kila mtihani, kuandika isishuke chini ya 6 na hizo zingine zisishuke chini ya 6.5. Kwa hivyo akirudi apate 6.5 kuandika, 6.5 kuongea, na hizo mbili zibaki 7, amepita. Ile 7 ya kuongea inatoka kwa mtihani wa kwanza. Wengi hawajui hii, wanaanza mwanzo na kumwaga doo bure.

Kuandika ndiyo kunaua. Haitoshi kujua maneno. Unafaa kujibu swali lenyewe, kupanga hoja na kumaliza kwa wakati. Andika insha kadhaa kila wiki, upatie mtu mkali asahihishe.

Ukimaliza hiyo kuna CBT, mtihani wa kompyuta. Sehemu moja ni hesabu za dawa, nyingine ni uuguzi wenyewe. Hii unaifanya ukiwa bado Kenya.

Ejenti anayeitisha laki tatu

Chini ya sheria ya Uingereza, ejenti haruhusiwi kukutoza ili akutafutie kazi huko. Mwajiri pia hakuuzii cheti cha udhamini wa viza. Akisema "lipa leo nafasi isiende", huyo anataka kukuingiza boksi.

Pima vitu mbili. Ejenti wa Kenya lazima awe kwa orodha ya NEAIMS, ile ya serikali. Mwajiri wa Uingereza lazima awe kwa rejista ya wadhamini iliyo gov.uk. Na kama anakuuzia kazi ya kutunza wazee, jua kwamba tangu 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga hiyo viza kwa watu wapya kutoka nje. Nesi mwenye usajili bado ana njia, lakini hiyo ingine haipo tena.

Halafu soma mkataba polepole. Tafuta mahali pameandikwa utarudisha pesa ngapi ukiacha kazi mapema. Tikiti na mitihani waliyokulipia inaweza kugeuka deni.

Wodi ya huko si ya County

Ukifika bado wewe si nesi kamili. Kuna OSCE, mtihani wa vitendo. Jaribio la kwanza linafaa kuwa ndani ya wiki 12 tangu uanze kazi, na uwe umepita ndani ya miezi 8. Kabla hapo, kwa kawaida mshahara uko chini.

Mtihani na wodi zote zinataka kitu moja: kusema na kuandika unachofanya. Kuna alama zinaitwa NEWS2, zinajumlisha presha, pumzi, joto na kadhalika. Mgonjwa akifika 7, hiyo ni dharura. Unaita daktari hata kama ni saa tisa usiku na amekasirika. Hapa wengi wetu tumefunzwa kunyamazia mkubwa. Kule ukinyamaza, kosa ni lako. Daktari bingwa mwenyewe anaweza kukuambia umwite kwa jina lake la kwanza.

Kitu kingine: hakuna shangazi wa mgonjwa atakayelala hapo amwoshe na kumlisha. Hiyo kazi ni yako, na kuiona kama ya chini kutakuharibia jina haraka.

Jioni saa kumi

Desemba jua la London linazama kabla ya saa kumi jioni. Wewe umezoea Kitale, mahali jua halibadilishi ratiba. Ukifanya shifti ya mchana ya saa 12, unaweza kutoka nyumbani giza na kurudi giza siku kadhaa bila kuona jua. Ongeza chumba cha mtu mmoja, OSCE kichwani, na simu ya nyumbani inayoanza na "mambo ni magumu".

Panga kabla ya kupanda ndege. Wakati wa baridi huko wako nyuma yetu saa tatu, kwa hivyo chagueni na mathe siku na saa ya kupiga simu ambayo haigongani na shifti. Ambia familia kiasi kimoja utakachotuma kila mwezi, na uwaambie kitaanza baada ya OSCE. Ukiwacha kila mtu aombe kivyake, utaanza kuogopa simu, na hapo ndipo upweke huingia kabisa.

Tafuta pia manesi Wakenya wa mji unaoenda kabla hujafika. Ulizia kanisa, chama, hata mahali pa kununua unga wa ugali. Na ukiona unalala siku nzima ya ofu, hujibu simu na chakula hakina ladha kwa wiki mbili, usingoje iishe yenyewe. Mwone daktari wa mtaa, yaani GP. Jisajili kwake wiki ile ile umefika, ukiwa bado uko fiti.