Bukavu: Kabla ya mtihani wa kwanza, wasimamizi wakumbushwa kuandika walichokiona, si walichokidhania

Walimu 16 watakaosimamia mitihani ya semesta ya kwanza katika shule moja ya sekondari ya komine ya Ibanda, mjini Bukavu, wamekutana kwa muda wa dakika 20 na direkta wa masomo kabla ya wanafunzi kuingia kwa mtihani wa Kifaransa. Mazungumzo hayo mafupi yalihusu mambo matatu: kazi ya msimamizi ndani ya darasa, namna ya kulinda saa, na namna ya kuandika ripoti kunapotokea tatizo.

Jambo la tatu ndilo lililochukua muda mrefu zaidi. Mwaka wa masomo uliopita, baraza la walimu la shule hiyo lilishindwa kuamua juu ya mwanafunzi aliyeshutumiwa kukopia, kwa sababu ripoti ya msimamizi ilikuwa na maneno mawili tu: "Amekopia Hisabati." Hakukuwa na saa, hakukuwa na karatasi iliyokamatwa, na msimamizi wa pili hakuwa ametia sahihi. Mwanafunzi alikana, mzazi akaja ofisini, na walimu wakabaki bila kitu cha kushika mkononi.

"Ninyi si waamuzi, ninyi ni mashahidi," direkta huyo aliwaambia. "Mwamuzi ni baraza. Lakini baraza halikuwa ndani ya darasa. Linaona kwa macho yenu."

Bahasha mbili katika chumba kimoja

Katika mtihani wa serikali wa mwaka wa sita, wanafunzi wanaokaa karibu hupewa seri tofauti za maswali. Mitihani ya semesta haina seri: darasa zima linapewa maswali yale yale. Ndiyo maana shule hiyo, kama nyingine nyingi, huchanganya madarasa. Kwenye kila dawati anakaa mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu na mwingine wa mwaka wa tano. Hata mmoja akichungulia kwa jirani, hapati kitu cha kumsaidia.

Mpango huo una hatari yake. Msimamizi anapokea bahasha mbili, moja kwa kila darasa, na akizichanganya, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kukaa nusu saa mbele ya maswali ambayo hajawahi kufundishwa, akiogopa kusema. Direkta aliomba bahasha zifunguliwe mbele ya wanafunzi, ili wote waone kwamba zilikuwa zimefungwa. Kisha msimamizi mmoja agawe maswali ya darasa moja, amalize, ndipo wa pili aanze kugawa ya darasa lingine. Kabla ya kuanza kuandika, kila mwanafunzi aweke kidole juu ya jina la darasa lililoandikwa kwenye karatasi yake, na wasimamizi wapite wakiangalia.

Mifuko, daftari na simu vinabaki mbele, chini ya ubao. Mwanafunzi anabaki na biki, rula, na karatasi ya bruyoni yenye muhuri wa shule. Karatasi nyingine yoyote nyeupe haikubaliwi, kwa maana hakuna anayejua ilitoka wapi.

Msimamizi naye ana masharti yake. Hasahihishi kopi za darasa lake wakati wa mtihani, na simu yake inakaa mfukoni, imezimwa. Mmoja anasimama nyuma, mwingine anatembea polepole kati ya madawati. "Mwanafunzi anayetaka kukopia anatafuta kwanza macho ya mwalimu," direkta alieleza. "Ukiwa nyuma yake, hajui unaangalia wapi."

Jambo lingine alilokataza ni kufafanua maswali. Kama neno halisomeki au swali lina kosa, msimamizi asilirekebishe mwenyewe. Darasa lake litapata msaada ambao darasa la pili halikupata. Amtume mtu ofisini, na jibu litapelekwa katika vyumba vyote vinavyofanya mtihani huo, kwa maneno yale yale.

Ubao ndio unaoamua, si kengele

Mtihani wa Kifaransa ulipangwa kuchukua saa mbili, kuanzia saa mbili kamili hadi saa nne. Lakini saa mbili za mwanafunzi zinaanza pale maswali yanapokuwa yamefika kwa wote na ruhusa ya kuandika imetolewa. Haziangalii ratiba iliyobandikwa mlangoni.

Direkta alichukua chaki na kutoa mfano. Kama kugawa karatasi kumechelewesha chumba hadi saa mbili na dakika 7, msimamizi anaandika ubaoni: "Tumeanza saa 2 na dakika 7. Tutamaliza saa 4 na dakika 7." Mvua kubwa ikinyesha, maji yakaingia kwa dirisha na madawati yakahamishwa, wanafunzi wote wanaweka biki chini, na msimamizi anaandika saa ya kusimama. Kama ni saa mbili na dakika 50, na wakaanza tena saa tatu na dakika 2, zimepotea dakika 12. Saa ya kumaliza inafutwa na kuandikwa upya: saa nne na dakika 19.

Ni hivyo hivyo kukisikika milio ya risasi mtaani. Wanafunzi wanaacha kuandika, kopi zinabaki juu ya dawati, msimamizi anaangalia saa, na wote wanabaki pamoja hadi uongozi wa shule uamue. Asiyeangalia saa wakati wa kusimama atakadiria baadaye, na ndipo chumba kimoja hupewa dakika 20 na kingine dakika 5 kwa tukio lile lile.

Kwa sababu hiyo, kengele ya shule haitaamua mwisho wa mtihani. Kila chumba kitafuata saa iliyoandikwa kwenye ubao wake. Wasimamizi walilinganisha saa zao na ile ya ofisi kabla ya kutoka.

Wanaochelewa wanapokelewa hadi nusu saa baada ya kuanza. Katika nusu saa hiyo hiyo, hakuna anayeruhusiwa kutoka, hata aliyekwisha kumaliza. Masharti hayo mawili yanategemeana: mlango ukifunguliwa kwa wanaotoka wakati bado kuna wanaoingia, maswali yatakutana na mwanafunzi njiani. Aliyechelewa haongezewi dakika, isipokuwa direkta mwenyewe akiamua. Saa yake ya kuingia inaandikwa mbele ya jina lake.

Ripoti mbili za tukio moja

Kwa upande wa matukio, direkta alisoma ripoti mbili alizoziandika mwenyewe kuhusu tukio moja la mfano. Ya kwanza ilisema: "Mwanafunzi huyu ni mkaidi. Alikuwa anakopia tangu mwanzo. Nilimpokonya kopi."

Ya pili ilisema: "Saa tatu na dakika 10, dawati la tatu upande wa dirisha. Nimeona karatasi ndogo iliyokunjwa chini ya kopi ya mwanafunzi. Ina mistari sita ya vitenzi vya Kifaransa iliyoandikwa kwa mkono. Nimeichukua. Mwanafunzi amesema si yake, ameikuta kwenye dawati. Nimepiga mstari mwekundu kwenye kopi yake, mahali alipokuwa amefika, na ameendelea kuandika. Mwenzangu ameona karatasi ikichukuliwa."

Aliwauliza walimu ni ipi inayoweza kusomwa mbele ya mzazi. Hakuna aliyetaja ya kwanza.

Ripoti ya pili haimtetei mwanafunzi wala haimhukumu. Mstari mwekundu unaligawa kazi lake sehemu mbili, kabla na baada ya karatasi kukamatwa. Baraza likiona kwamba jirani yake wa mtihani uliopita ndiye aliyeiacha pale, mwanafunzi hatakuwa amepoteza saa yake. Likiona ni yake, litajua ni majibu gani yaliyotoka humo. Lakini kopi ikichanwa au mwanafunzi akifukuzwa darasani, hata baraza likimkuta hana kosa, mtihani wake hauwezi kurudishwa.

"Papa direkta, na kama anakataa kuitoa karatasi, anaimeza?" mwalimu mmoja kijana aliuliza, na wenzake wakacheka.

"Andika kwamba ameimeza, na saa," direkta alijibu. "Usimshike mdomo. Usimpige. Wewe ukimpiga, mzazi atakuja kwa ajili ya kofi, na karatasi itasahauliwa."

Ripoti inaandikwa mle mle chumbani, kabla ya mtihani kuisha. Wasimamizi wote wawili wanatia sahihi, na karatasi iliyokamatwa inabanwa nayo. Kama msimamizi wa pili hakuona, aandike kwamba hakuona. Ushahidi wa mmoja unaosema kweli una nguvu kuliko wa wawili waliopatana baadaye kwenye kantini.

Mwalimu mama mmoja aliuliza kuhusu wanafunzi ambao hawajamaliza kulipa pesa za shule, kwani mwaka uliopita karani aliingia na orodha katikati ya mtihani. Direkta alijibu kwamba orodha hiyo inaishia mlangoni pa shule, kabla ya saa mbili. Aliyekwisha kukaa na kupewa maswali anaandika hadi mwisho, na yeyote atakayekuja kumtoa apelekwe kwanza ofisini.

Mwingine alisema mtoto wake wa kuzaa yuko katika chumba alichopangiwa. Alibadilishwa papo hapo.

Hesabu ya mwisho

Maagizo ya mwisho yalihusu kukusanya kopi, wakati ambao direkta aliutaja kuwa ndio wenye hatari kubwa, kwa sababu wote wamechoka na wanafunzi wanasukumana. Saa ya kumaliza ikifika, wanafunzi wanabaki wamekaa. Msimamizi mmoja anapita akichukua kopi moja moja, na kila mwanafunzi anatia sahihi kwenye orodha anapotoa yake. Wa pili anasimama mlangoni.

Kisha kopi zinahesabiwa kwa darasa, mbele ya wote. Kama mwaka wa tatu una wanafunzi 27 waliokuwepo, ziwe kopi 27 kabla mlango haujafunguliwa. Ikipungua moja, orodha ya sahihi itaonyesha ni ya nani, na mwenyewe bado atakuwa amekaa. Ikigunduliwa jioni ofisini, mwanafunzi atasema aliitoa, msimamizi atasema hakuipokea, na hakuna atakayeweza kuthibitisha.

Kila kundi la wasimamizi lilipokea bahasha zake mbili, orodha ya majina na fomu mbili za ripoti. Chumba kisichokuwa na tukio nacho kitarudisha fomu moja, ikiwa na saa ya kuanza, saa ya kumaliza, idadi ya kopi, na neno "hakuna" pamoja na sahihi mbili.