Doti ya kwanza ya mama mkwe

Kijana anayekwenda kujitambulisha ukweni, kabla hata ya posa, hana haja ya kuumiza kichwa kutafuta zawadi ya ajabu. Pwani na sehemu nyingi za Tanzania, doti moja ya khanga inatosha. Haina saizi ya kukosea, na bei yake haimwachii mama deni la fadhila. Kazi iko kwenye kuichagua, kwa sababu khanga ina jina, na wanawake husoma jina kabla ya kusifu rangi.

Tuseme kijana yuko Kariakoo na kesho anapanda basi la Tanga. Muuzaji anamtandikia khanga tatu. Ya kwanza ina maua mazuri, imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Kwa mama ambaye bado hajaletewa mshenga, huko ni kumharakisha. Ya pili inasema "Hasidi hana sababu", naye atajiuliza hasidi ni nani humu ndani. Ya tatu ni "Wema hauozi". Haimsemi mtu, haidai kitu, na mama anaweza kujitanda nayo akaenda kwa jirani bila yeyote kudhani amepigwa kijembe. Achukue hiyo. Kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, aiache kwanza, maana pwani imezoeleka kuwa ya bibi harusi.

Kabla ya kulipa, aikunjue doti yote. Vipande viwili viwe na jina lilelile, herufi zisiwe zimefifia, na pindo lizunguke pande zote nne bila kukatika. Aishike vizuri: pamba hunywa jasho na hutulia kiunoni, lakini ya nailoni huteleza na hufungwa upya kila mara. Kisha asugue pembeni kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Kikitoka na rangi nyingi, khanga hiyo itachafua nguo nyingine siku ya kufuliwa.

Doti asiikate wala kuipinda; hilo mama atalifanya mwenyewe. Amuulize pia mchumba kama nyumbani kuna bibi au mama mdogo, ili naye apate doti yake ya ubora uleule. Sukari kilo mbili na majani ya chai vikiongezwa ni vya nyumba nzima. Bahasha ya pesa ibaki nyumbani: inaweza kudhaniwa kishika uchumba, na hicho hupelekwa na wazee.

Familia nyingi hazipendi mkwe amkabidhi mama mkononi. Mzigo hupewa mchumba au shangazi, naye huupeleka ndani. Kwa hiyo mgeni asishangae zawadi isipofunguliwa mbele yake, wala asiulize kama imependeza. Jibu atalipata baadaye kwa mchumba wake.