Mwalimu na Mishumaa ya Bei

Mwalimu mmoja mstaafu wa Morogoro alishawishiwa na vijana wa mtaani kuweka kiinua mgongo chake kwenye biashara ya fedha za kigeni. Akasema, “Ngojeni kwanza nisome.” Kila jioni alitazama mshumaa mmoja wa chati, akiandika daftarini bei ya kufungua, ya juu, ya chini na ya kufunga.

Kisha akapiga hesabu. Dalali alimkopesha mara 100, hivyo shilingi 500,000 zingeshika mzigo wa 50,000,000. Bei ikienda kinyume kwa asilimia 1 tu, laki tano zote zimekwisha. Na daftari lilionyesha kuwa bei husogea hivyo ndani ya wiki ya kawaida!

Pesa akanunulia hatifungani za serikali. Chati anazisoma bado, kwa akaunti ya majaribio.