Naomba Kupiga Filamu Dukani Kwako, Jumatatu Hadi Alhamisi

Barua nyingi za kuomba kupiga filamu dukani huanza na filamu yenyewe. Mwongozaji anaeleza hadithi, anataja tamasha analolilenga, anaahidi kwamba duka litaonekana nchi nzima, na tarehe anaiweka mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Mwenye duka anasoma aya mbili, anaikunja barua na kuitia chini ya mizani. Hana ugomvi na sinema. Alichotaka kujua ni mlango utafungwa saa ngapi, nani atashika nini, na maziwa yaliyomo kwenye friji yatakuwaje umeme ukizimwa.

Mwongozaji anayejitegemea hana kampuni nyuma yake, hana bima wala mwanasheria. Barua ndiyo ofisi yake. Nimechukua mfano wa duka la rejareja la mtaani Dar es Salaam, lile ambalo wakazi wa jiji huliita la Mangi hata kama mwenyewe si Mchaga. Mwongozaji ni binti, na mwenye duka ni mzee wa makamo. Barua iliyopangwa vizuri ingekuwa hivi:

YAH: OMBI LA KUPIGA FILAMU NDANI YA DUKA LAKO, JUMATATU HADI ALHAMISI

Shikamoo Mzee.

Mimi ni mwongozaji wa filamu ninayejitegemea. Naomba kupiga filamu ndani ya duka lako kwa siku nne, Jumatatu hadi Alhamisi ya wiki ya pili ya mwezi ujao, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Asubuhi na jioni utauza kama kawaida. Mchana ule duka litafungwa kwa wateja, na mtu wetu atasimama nje kuwaeleza.

Tutakuwa watu saba, pamoja na waigizaji wawili. Tutakuja na kamera moja, maiki, na taa mbili za wati 150 kila moja. Nitakununulia LUKU ya yuniti 10. Friji litazimwa kwa vipindi vifupi tu, na vitu vinavyoharibika tutavihamishia kwenye kasha letu la barafu.

Nitalipa shilingi 40,000 kwa siku, nusu kabla ya siku ya kwanza. Kijana wako wa dukani abaki nasi muda wote, nami nitamlipa 10,000 kwa siku. Kitakachovunjika nitakilipa kwa bei yako ya kuuzia.

Hadithi ni ya kijana anayeachiwa duka na baba yake. Hakuna matusi, hakuna wizi unaofanyika dukani, na jina la duka lako halitaonekana mpaka ukubali. Nimeambatisha kurasa za skripti zinazohusu duka, nakala ya kitambulisho changu na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa.

Naomba nije Jumapili baada ya saa 8 mchana tuzungumze.

Binti ameanza na siku na saa. Kwa nini siku za kazi, na kwa nini saa zile? Duka la mtaani lina mawimbi yake. Alfajiri ni mikate, chai na vocha. Watoto wakitoka shule ni biskuti na juisi. Magharibi ni unga, mafuta na mkaa. Katikati ya asubuhi na alasiri muuzaji hukaa akipepesuka kwa usingizi. Jumamosi na Jumapili mawimbi hayo hayafuatani hivyo, kwa sababu watu wako nyumbani kutwa. Ijumaa ina swala yake, na katika mitaa mingi adhana na mawaidha ya vipaza sauti yangeingia ndani ya kila neno la mwigizaji. Ndiyo maana barua inakoma Alhamisi.

Saa hizo zinamfaa mpiga kamera pia. Asubuhi na jioni jua la Dar huingia mlangoni kwa mshazari, likachora mstari mkali sakafuni unaosogea kila baada ya dakika chache. Ukiunganisha picha ya saa 1 na ya saa 2, mtazamaji ataona mstari umeruka. Karibu na adhuhuri jua liko juu ya paa, na mwanga unaoingia ni ule uliokwishagonga barabara na ukuta wa jirani, laini na usiobadilika upesi. Ndani ni giza, kweli, lakini taa mbili zinatosha kulitengeneza giza hilo.

Wako waliolikwepa tatizo la saa kwa kupiga usiku. Kevin Smith alitengeneza *Clerks*, iliyotoka mwaka 1994, ndani ya duka alilokuwa akifanya kazi huko Leonardo, New Jersey, kwa bajeti ya takriban dola 27,000. Mchana duka lilikuwa likiuza, kwa hiyo walipiga usiku. Hadithi lakini ilikuwa ya mchana, basi wakaweka ndani yake kisa cha mtu aliyeziba kufuli za shata kwa jojo, ili zibaki zimefungwa na giza la nje lisionekane. Ni ujanja mzuri, ila duka la Magomeni lina mlango ulio wazi, na hadithi ya binti huyu inahitaji watu wapite nje.

Sasa friji. Masikio yetu yamezoea mngurumo wake hata hatuusikii, lakini maiki husikia kila kitu. Mbaya zaidi, friji huwaka na kuzimika lenyewe, kwa hiyo mwigizaji mmoja anasema sentensi yake juu ya mngurumo na mwenzake anajibu kimyani, na mhariri akiziunganisha, sauti inakatika kama redio mbovu. Hakuna njia ila kulizima, na kulizima kuna taratibu zake. Mlango wake usifunguliwe hata mara moja, baridi itadumu. Ukilizima, usiliwashe palepale. Subiri dakika tano hivi, kwa maana kompresa inayoamshwa ikiwa bado na presha huweza kuungua. Nalo kosa linalotokea kuliko yote ni kulisahau: watu wanakusanya nyaya, wanaagana, na asubuhi Mzee anakuta maziwa yameganda. Wanasa sauti wana dawa ya zamani, nayo ni kuweka funguo za gari ndani ya friji. Hutaondoka bila funguo, na ukizifuata utakumbuka swichi. Asiye na gari aweke simu yake.

Wati 300 kwa saa tano ni yuniti moja na nusu, kwa siku nne ni sita. Yuniti 10 zinabakiza akiba ya kuchajia betri, na Mzee hana haja ya kukaa akiitazama mita. Namba ndogo kama hii humtuliza mtu kuliko ukurasa mzima wa ahadi.

Kuna jambo barua haikulitaja, na mimi ningeliongeza: rafu. Onyesho linaloonekana kwenye filamu kwa dakika tatu laweza kupigwa kwa siku nne. Jumatatu nyuma ya mwigizaji kuna safu kumi na mbili za sabuni. Jioni duka likifunguliwa, sabuni zinauzwa, kama inavyopasa, na Jumanne zimebaki nne. Kwenye filamu mwigizaji atageuza shingo na sabuni nane zitayeyuka. Wasimamizi wa filamu hupiga picha za rafu kila wanapomaliza, lakini picha hairudishi sabuni. Njia nafuu ni kuuliza tangu mwanzo ni kona ipi haiuzi sana na kuielekeza kamera huko. Kama haiwezekani, nunua bidhaa zote zinazoonekana kwenye fremu siku ya kwanza, zikae mpaka Alhamisi, kisha umpe Mzee nafasi ya kuzinunua tena. Maboksi matupu nayo yanafaa kwa rafu za juu. Mzee anayo rundo nyuma ya duka.

Je, shilingi 40,000 ni haki? Wengi hukadiria kwa mauzo, na hapo ndipo mazungumzo yanapochacha. Tuseme duka linauza 400,000 kwa siku, na robo ya mauzo huingia katika zile saa tano. Hiyo ni 100,000. Faida ya rejareja ni nyembamba. Tukiiweka asilimia 12, Mzee anapoteza 12,000. Inayobaki katika ile 40,000 inalipia usumbufu, pamoja na hatari moja ambayo haiandikiki kwenye daftari: mteja aliyekuta pamefungwa siku nne mfululizo anaweza kuzoea duka la pili. Kwa sababu hiyo mtu wa nje mlangoni ni muhimu kuliko anavyodhaniwa, na awe mtu wa mtaa uleule, anayewajua wateja kwa majina.

Duka likiwa pia na wakala wa pesa za simu, binti aombe daftari la miamala litolewe kaunta kabla kamera haijafunguliwa. Lina majina, namba za simu na kiasi cha fedha za watu, na kamera za leo zinasoma mwandiko kutoka upande wa pili wa chumba.

Kabla ya kusaini, aulize kwa adabu kama fremu ni ya Mzee au amepanga. Mpangaji anaweza kuruhusu kamera iingie, lakini mwenye nyumba akitokea Jumanne na kuuliza nani kafunga nyaya kwenye nguzo zake, kazi itasimama. Ikiwa ni fremu ya kupanga, saini ya mwenye nyumba chini ya barua hiyohiyo inatosha. Na ruhusa ya Mzee si kibali cha serikali. Kwa Tanzania Bara, kupiga filamu kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na anayeshughulikia ni Bodi ya Filamu. Zanzibar ina utaratibu wake, na Kenya leseni hutolewa na bodi yake ya uainishaji wa filamu. Kibali kikifika, nakala aipate Mzee, maana ofisa akija ataanza na yeye.

Siku ya Jumapili, Mzee huenda akakubali kila kitu na kuongeza masharti yake kwa kalamu pembeni ya barua: wasivute sigara, wasipande juu ya magunia, wamalize saa 8 Jumatano kwa sababu mzigo wa Kariakoo unaingia. Yaandikwe, wote wawili wasaini, kila mmoja abaki na nakala. Hapo hapo binti aombe siku moja ya akiba, itumike ndani ya miezi miwili endapo sauti au picha imeharibika, kwa malipo yaleyale. Bila mstari huo, anaweza kurudi wiki ya sita na kukuta ukuta wa bluu umepakwa rangi nyekundu na kampuni ya simu, bure, pamoja na bango jipya, naye Mzee hana kosa lolote.